Nani Aliyelichosha Darasa?

Kisa chenyewe ukikisimulia kwa pumzi moja kinavutia. Mwalimu ana darasa lililochoka. Kila Ijumaa anapiga wimbo mmoja, na kila Ijumaa wimbo ni mwingine. Darasa linachangamka. Wanaoanza kuandika hadithi fupi hukipenda kisa cha aina hii kwa sababu kina mtu mwema, kina muziki, na mwisho wake hauumizi. Lakini wakikaa kukiandika, ukurasa wa pili haujaisha wanaona hakiendi. Ijumaa ya kwanza wanafunzi wamefurahi. Ijumaa ya pili wamefurahi tena. Ya tatu wafanyeje?

Miswada ya namna hii nimeisoma mara nyingi, na mingi hukwama papo hapo. Mwandishi hudhani tatizo ni nyimbo, basi hutafuta wimbo mtamu zaidi, au huongeza mwanafunzi mmoja anayelia. Kwa maoni yangu tatizo liko kwingine kabisa. Uchovu wa darasa umeletwa kwenye hadithi kama hali ya hewa: upo tu, haukuletwa na mtu. Hadithi huanza kutembea siku mwandishi anapojiuliza ni nani aliyewachosha watoto hawa, na kwa kazi gani.

Tuijenge hadithi hiyo hapa, hatua kwa hatua. Ni ya kubuni, lakini mahali pake nitapaweka pa kweli: shule ya sekondari ya kutwa pembezoni mwa Tanga, Kidato cha Nne, kati ya matokeo ya moko na mtihani wa Taifa unaoanza Novemba. Mwalimu nitamwita Hoza. Anafundisha Historia, na kipindi chake cha Ijumaa ni cha saa nane mchana, dakika arobaini, wakati waliokwenda kuswali Ijumaa wamekwisha kurudi na wote wameshakula ugali na maharage.

Nimeuchagua muda huo kwa makusudi. Mwili wa binadamu hulegea mapema alasiri hata kwa mtu ambaye hajala mchana. Chakula huongeza tu uzito. Kijana wa miaka kumi na saba naye ana mzigo wake, kwa kuwa saa ya mwili wake humchelewesha kulala usiku, na bado anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Sasa tazama ratiba yake. Shule imeweka kambi ya Kidato cha Nne, kama zifanyavyo shule nyingi mtihani unapokaribia. Wanafunzi wanalala madarasani juu ya magodoro waliyoyabeba kutoka nyumbani. Prepo inaisha saa nne usiku. Kengele ya kipindi cha alfajiri inagongwa saa kumi na moja na nusu. Ukiondoa muda wa kuoga kwa zamu na kutandika, mtoto huyu anapata saa sita, labda na nusu.

Na kipindi hicho cha alfajiri ni cha nani? Ni cha Mwalimu Hoza. Ndiye aliyekiomba kwa mkuu wa shule, baada ya matokeo ya moko kumwaibisha kwenye kikao cha walimu.

Hapo hadithi imepata mgongo. Mtu anayeliinua darasa siku ya Ijumaa ndiye anayelilaza chini Jumatatu hadi Alhamisi, na hafanyi hivyo kwa ubaya. Anawapenda. Anataka wafaulu. Hajaona kwamba mkono wake wa kulia unajenga na wa kushoto unabomoa, na msomaji atakaa kitini akingoja aone. Hii ndiyo sababu ningeisimulia kwa nafsi ya tatu, karibu sana na mwalimu, tuyaone yale anayoyaona yeye na kwa maneno yake. Akisimulia mwanafunzi, atalalamika mapema mno na siri itatoka. Akisimulia mwalimu mwenyewe, itabidi ajitetee.

Msomaji asiambiwe jambo hili. Kipindi cha alfajiri kitajwe mara moja tu mwanzoni, kwa fahari, kama mtu anavyotaja kazi nzuri aliyoifanya: Hoza anaamka saa kumi, anawasha pikipiki gizani, anafika wa kwanza. Kisha tunaendelea na mengine. Anayesoma kwa makini atalikumbuka baadaye.

Uchovu wenyewe nao unataka kipimo kinachoonekana. Kuandika kwamba "wanafunzi walikuwa wamechoka sana" ni kumwomba msomaji akuamini bure. Shule za kwetu zina kipimo tayari, nacho ni salamu. Mwalimu akiingia, darasa husimama na kuitikia kwa pamoja. Jumatatu sauti hutoka kwa mkupuo. Ijumaa saa nane inatoka hivi:

"Walisimama kwa mafungu. Wa mbele walikuwa wameshasema shikamoo, wa katikati ndiyo kwanza wanasukuma viti, na kule nyuma Peter alisimama wakati wenzake wanakaa. Mwalimu Hoza aliitikia marahaba mara mbili, ili kila upande upate yake."

Salamu hii itarudi kila Ijumaa. Hapa kuna jambo la kujifunza kutoka kwa ngano zetu. Katika ngano nyingi za Kiswahili msimulizi huweka wimbo ndani ya kisa, na wasikilizaji huupokea. Wimbo huwa ni uleule kila unaporudi, ila hali ya mwimbaji inakuwa imebadilika. Mara ya kwanza msichana anaimba akiwa huru, mara ya pili akiwa amefungwa, mara ya tatu akiwa anakaribia kufa, na maneno yaleyale yanazidi kukata. Hadithi yetu imegeuza utaratibu huo: wimbo ndio unaobadilika. Basi lazima kiwepo kitu kingine kisichobadilika, ili msomaji apate pa kupimia. Salamu inatosha. Ukiwa nayo huhitaji kusema darasa limechangamka au limezama zaidi, kwani salamu itasema.

Sasa nyimbo. Muhula una Ijumaa nyingi, na hadithi ya maneno elfu mbili na mia tano haiwezi kuzibeba zote. Ningechukua nne, kila moja ikifanya kazi ambayo nyingine haiwezi. Nyingine zipite kwa sentensi moja.

Ijumaa ya kwanza Hoza anapiga wimbo wa dansi wa miaka ya 1960, wa mojawapo ya bendi zilizoijaza Tanga sifa, Jamhuri Jazz au Atomic Jazz. Ana simu na spika ndogo ya kuchaji. Mwandishi asiyeujua muziki huu ataandika "magitaa yalilia" na kupita. Anayeujua atatumia umbo lake. Wimbo wa dansi kwa kawaida huanza taratibu, waimbaji wakitoa kisa chao, halafu mbele huko magitaa hubadilisha mwendo na watu hushuka kucheza. Sehemu hiyo ndiyo chemko. Zamani nyimbo hizi zilitolewa kwenye sahani ndogo za santuri ambazo upande mmoja hubeba dakika tatu hadi nne hivi, ndiyo maana nyingi zilikatwa vipande viwili: sehemu ya kwanza upande huu, ya pili upande wa nyuma. Hoza alinakili santuri za marehemu baba yake kwenye simu, na wa wimbo huu ana upande wa kwanza tu. Upande wa pili ulikuwa na mkwaruzo.

Kwa hiyo wimbo unakatika pale hasa unapotaka kuchemka. Darasa linanyamaza. Kisha Peter, yule wa nyuma, anauliza, "Mwalimu, ndiyo umeisha?" Anajibiwa kwamba haujaisha ila mwisho wake haupo. Wanaanza kubishana wenyewe jinsi ulivyoendelea. Mmoja anapiga rula juu ya dawati, mwingine anamfuata kwa mdomo. Dakika mbili hivi, na darasa limeamka. Limeamshwa na kile ambacho wimbo haukutoa, na hili lina ukweli kuliko darasa zima kusimama na kucheza, jambo ambalo sijawahi kuliona likitokea saa nane mchana.

Mahali hapo ndipo ningeweka mgogoro mdogo wa pembeni. Madarasa mengi hayana dari, na ukuta wa katikati hauendi hadi kwenye paa. Sauti hupita juu. Mwalimu wa Fizikia wa chumba cha pili anagonga ukuta kwa kiganja, mara tatu. Hoza anapunguza sauti. Asiwe adui, huyu wa Fizikia. Yupo kutukumbusha kwamba furaha ya darasa moja ni kelele kwa jingine, na kwamba Hoza hayuko peke yake shuleni.

Ijumaa ya pili ni taarabu ya Shakila, mwimbaji aliyezaliwa Pangani na kupata jina akiwa na vikundi vya Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam. Taarabu ina uvumilivu ambao kijana wa leo hajauzoea: ala hucheza kwanza kwa muda, na sauti ya mtu inachelewa. Uchelewaji huo ni zawadi kwa mwandishi. Wanafunzi wanacheka kidogo wakiulizana ataimba saa ngapi, na wanapokuwa wamekata tamaa anaimba. Halafu kuna fumbo. Maneno ya taarabu humsema mtu bila kumtaja, na darasa la vijana haliwezi kuliacha fumbo lipite. Mwanahamisi anasema anayesemwa ni mwanamume mwongo. Mwenzake anasema hapana, ni shoga wa mwimbaji. Hoza anawaambia kila mmoja atoe ushahidi ndani ya wimbo, na ghafla kazi wanayoifanya ni ileile anayowafundisha katika Historia, ya kutumia chanzo. Salamu ya Ijumaa inayofuata inatoka kwa pamoja. Ni mara ya kwanza, na inapaswa kuwa ya mwisho kwa muda.

Hapo mwandishi hushawishika kunukuu beti. Nashauri asinukuu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni sheria. Maneno ya wimbo ni mali ya mtunzi, na hapa Tanzania haki yake hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Jina la mwimbaji na jina la wimbo unaweza kulitaja, lakini mashairi yenyewe yanataka idhini. Sababu ya pili nadhani ni nzito zaidi. Maneno ya wimbo yakiwekwa kwenye karatasi hupoteza sauti, na msomaji asiyeujua wimbo anabaki na mistari mikavu. Andika kile wimbo unachowafanyia watu: nani ameinua kichwa kwanza, nani ameuchukia, nani amejifanya hasikii na mguu wake unamsaliti. Msomaji atausikia.

Baada ya mafanikio mawili hadithi inadai mambo yaharibike. Ijumaa ya tatu Hoza anataka kuwafurahisha moja kwa moja, basi anapakua wimbo wa bongo fleva unaovuma wiki hiyo. Anaamini hapo amefika. Wanafunzi wanautazama ukuta. Wimbo huo wameusikia kwenye bajaji asubuhi hadi jioni. Haukuwaletea kitu kipya, na tena umetoka mikononi mwa mwalimu, jambo linalouharibu. Katikati ya wimbo Mwanahamisi ananyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani."

"Sema, Mwanahamisi."

"Hizi dakika za wimbo, tunaomba leo tulale."

Huu ndio moyo wa hadithi, na unahitaji kuandikwa kwa adabu. Mwanafunzi huyu hana ufidhuli. Anasema samahani, anasema tunaomba. Darasa linaganda kwa hofu kwa niaba yake. Na Hoza anaumia, kwa sababu zawadi yake imekataliwa. Anafanya kile ambacho wengi wetu walimu tungefanya: anajidai hakusikia vizuri, anaongeza sauti, anauacha wimbo uende hadi mwisho. Anasema, "Mtalala baada ya mtihani." Mwandishi asimtetee hapa wala asimlaani. Aiache sentensi ile isimame.

Kosa ninaloliona mara nyingi katika hatua hii ni kumpa mwalimu siri ya kusikitisha, labda mtoto wake alifariki, au yeye mwenyewe aliwahi kufeli, ili tumsamehe. Haihitajiki. Sababu yake tunaijua tangu mwanzo: kikao cha walimu, moko, aibu. Ni sababu ndogo ya kila siku, na watoto huchoshwa na sababu za namna hiyo kila mwaka katika shule nyingi.

Tanga mvua za vuli huanza mnamo Oktoba, na paa la darasa ni bati. Mtu aliyesoma chini ya bati anajua kwamba mvua kubwa ikishika, somo limekwisha; hata mwalimu akipaza sauti, mstari wa tatu hausikii. Ijumaa ya nne Hoza amejiandaa kuliko siku zote. Amempata mzee mmoja sokoni mwenye santuri ile ya kwanza, upande wa pili ukiwa mzima, akaunakili. Amekuja na chemko. Anaweka spika mezani, anabonyeza, na mvua inashuka.

"Aliiona taa ya spika ikiwaka. Aliinamisha sikio hadi likaigusa, akalisikia gitaa kwa mbali, jembamba. Alipoinua uso, Mwanahamisi alikuwa ameshalaza kichwa juu ya mikono. Kisha Peter. Kisha dirishani kote. Hakuna aliyeomba ruhusa, kwa sababu hapakuwa na namna ya kusikika."

Anasimama pale, wimbo ukichezea sikio lake peke yake, akiwatazama vijana arobaini wakilala. Anaweza kugonga meza, hawatasikia. Anaona mambo ambayo amesimama mbele yao miezi minne bila kuyaona: mmoja ameshika kalamu bado, mwingine soksi zake zina udongo, wa tatu midomo inatembea kama anayekariri. Chemko inakuja na kwisha. Mvua inapungua baada ya robo saa, na wanaamka mmoja mmoja wakiwa na aibu. Wanasimama bila kuambiwa, wakidhani wataadhibiwa, na wanatoa salamu ya pili ya siku hiyo. Inatoka kwa mkupuo mmoja.

Ningejizuia sana hapo. Hoza asitoe hotuba. Asiwaombe radhi mbele ya darasa, maana mwalimu wa umri wake Tanga hafanyi hivyo, na msomaji wa pwani atajua mwandishi ametunga. Radhi yake iwe ni tendo la kiofisi. Baada ya kipindi anakwenda kwenye ubao wa matangazo, ilipobandikwa ratiba ya kambi iliyoandikwa kwa mkono wake, na anataka kukifuta kipindi cha alfajiri. Mkuu wa shule yuko nyuma yake.

"Hoza, unafanya nini?"

"Naondoa kipindi changu, Mkuu. Walale hadi saa kumi na mbili."

"Na matokeo?"

Jibu la swali hilo sijalipata kwa urahisi, na nadhani ndilo linaloamua kama hadithi ni nzuri au ni ya kawaida. Akijibu kwa hekima, tumerudi kwenye kisa cha mtu mwema. Akishindwa kujibu na kuirudisha ratiba, tumekuwa wakatili bila sababu. Ningemfanya ajibu kwa hesabu, kama mwalimu anayejitetea kwa bosi wake: saa moja na nusu ya alfajiri wanasinzia, hakuna linaloingia, bora aifidie kwa dakika ishirini za mchana wakiwa macho. Mkuu anataka kuliandika hilo, kwamba ni yeye Hoza aliyeamua, endapo matokeo yatakuja vibaya. Hoza anatia sahihi.

Fasihi yetu ina mwalimu mwingine anayepimwa na wanafunzi wake. Katika "Mwalimu Mstaafu" ya Dumu Kayanda, iliyomo kwenye diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine ya mwaka 2016, wakati wa sherehe ya kumuaga Mwalimu Mosi neno linapewa Jairo, mwanafunzi ambaye hakung'ara darasani. Mwandishi angeweza kumpa neno yule aliyefaulu akawa mtu mkubwa, na sherehe ikaenda sawasawa. Kwa kumpa Jairo, amemweka mwalimu mahali ambapo sifa haziji zenyewe. Mwanahamisi wangu amekopa ujasiri kidogo kutoka kwenye kiti hicho: anayejua ukweli wa darasa ni yule anayeumia ndani yake.

Baada ya sahihi ya Hoza bado kuna Ijumaa moja kabla ya mtihani. Rasimu nyingi zingeiandika, na zingeiandika kwa furaha: wimbo wa mwisho, upande wa pili wa santuri, chemko, darasa likicheza. Ningeikata. Msomaji tayari anajua wimbo upo kwenye simu na anajua vijana watalala hadi saa kumi na mbili. Matokeo ya mtihani nayo yasitajwe, kwa sababu yakiwa mazuri yatamsafisha Hoza na yakiwa mabaya yatamhukumu, na hakuna kati ya hayo mawili kinachohusiana na kile alichokiona mvua ikinyesha. Hadithi iishie ofisini, mkuu akipuliza wino ukauke na kuuliza kama Hoza anayo karatasi nyingine safi ya kuandikia ratiba mpya.

Kwa anayetaka kuijaribu, aanze kwa kuandika ratiba ya wiki nzima ya wanafunzi wake, saa kwa saa, kabla hajachagua hata wimbo mmoja. Sehemu kubwa ya ratiba hiyo haitaingia kwenye hadithi. Lakini atajua kila saa ilichukuliwa na nani, na nyimbo za Ijumaa atazichagua akiwa na hayo mezani.